Barua ya Dalali Aliyesahau Kuhuisha Bima

Bima ya stoo ile ilikwisha saa sita usiku, tarehe 31 Machi, na hakuna aliyejua. Mwenye stoo, mama anayeuza vitenge na khanga kwa jumla Kariakoo, aliendelea kupokea mzigo na kuandika risiti. Dalali wake wa bima naye aliendelea na shughuli zake akiamini kwamba imebaki miezi mitatu kabla ya kumkumbusha. Usiku wa tarehe 17 Aprili hitilafu ya umeme iliwasha moto kwenye chumba cha jirani. Zimamoto waliwahi wakauzima kabla haujapita ukuta, lakini maji yao na moshi viliingia stoo kwa mama. Kulipokucha, majora ya chini yalikuwa yameloa na yale ya juu yamebadilika rangi. Akampigia simu dalali wake.

"Shikamoo mama," dalali akamwambia.

"Marahaba mwanangu. Stoo imepata ajali. Niletee mtu wa bima aje aone."

Dalali alimpa pole, akamwambia atampigia kabla ya jioni, kisha akaenda kabatini kuchukua faili. Hapo ndipo alipoiona tarehe.

Kisa hiki ni cha mfano. Watu wake hawana majina, na hesabu zake zimewekwa ili zieleweke. Lakini hatua zake ndizo zinazofuatwa katika biashara ya bima, na kosa lenyewe ni la kawaida kuliko wanavyopenda kukiri waliomo kwenye kazi hiyo.

Kwanza tuelewane dalali ni nani. Watu wengi humwita kila auzaye bima "wakala", lakini hao ni watu wawili tofauti. Wakala anaiwakilisha kampuni ya bima; anauza bidhaa za kampuni hiyo na anasema kwa niaba yake. Dalali anamwakilisha mteja. Anazunguka kwenye kampuni kumtafutia mkataba unaomfaa, anakagua masharti, na likitokea la kutokea anamsimamia kwenye madai. Kamisheni yake hutoka kwenye ada ya bima, na kwa sababu hiyo wateja wengi hudhani yuko upande wa kampuni. Kwa hiyo dalali akisahau, aliyesahau ni mtu wa mteja mwenyewe. Kampuni ya bima haina kosa hapo. Mkataba wake ulikuwa na mwanzo na mwisho, na mwisho ulifika.

Alisahau vipi? Mtu anaweza kufikiri ni uzembe wa wazi, notisi imekaa mezani hadi ikafunikwa na makaratasi. Haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi bima ya mama ilikuwa ikiisha tarehe 30 Juni. Mwaka uliopita alichukua mkopo benki, akaomba mwisho wa bima usogezwe ulingane na mwaka wa mkopo. Kampuni ikakubali, ikatoa hati ya miezi tisa, Julai hadi Machi. Hati ilikuwa sahihi. Lakini daftari la kuhuisha, ile orodha ambayo ofisi ya dalali huifungua kila mwanzo wa mwezi kuona bima za nani zinakaribia kwisha, halikuguswa. Lilibaki na 30 Juni. Karani aliyelifungua mwezi Machi hakuona jina la mama, na hakukuwa na sababu ya kuliona.

Hivi ndivyo bima nyingi zinavyopotea. Bima inayoisha tarehe ileile kila mwaka ni vigumu kusahaulika, kwa sababu watu wawili au watatu wanaikumbuka kichwani. Inayopotea ni ile iliyosogezwa, iliyorefushwa kwa mwezi mmoja wakati mteja akitafuta fedha, au iliyohama kampuni katikati ya mwaka. Dalali makini hajazi tarehe kwenye daftari kutoka kichwani wala kutoka daftari la mwaka jana. Anaisoma kwenye hati yenyewe siku inapotoka, na mtu wa pili anailinganisha.

Sasa turudi kwa dalali aliyesimama na faili mkononi. Mbele yake kulikuwa na njia tatu mbaya, na zote zilionekana nyepesi kuliko ile nzuri.

Ya kwanza ni kurudisha tarehe nyuma. Angempigia rafiki yake ndani ya kampuni, wakatoa hati inayoonyesha kwamba bima ilihuishwa tarehe 1 Aprili. Huo ni udanganyifu, na kisheria mkataba wa namna hiyo hauna uhai. Bima husimama juu ya ukweli wa pande zote mbili. Anayekata bima akificha jambo kubwa kama moto uliokwisha kutokea, kampuni ina haki ya kuuvunja mkataba tangu mwanzo. Tena siku hizi hati huandikishwa kwenye mfumo wa kielektroniki unaobakiza alama ya siku na saa zilipotolewa. Mkadiria hasara akiona hati iliyotolewa tarehe 18 kwa moto wa tarehe 17, kazi yake imekwisha. Mbaya zaidi, mama ambaye hakufanya kosa lolote angejikuta ndani ya udanganyifu uliofanywa kwa jina lake.

Ya pili ni kuvuta muda. "Mtaalamu yuko njiani, mama. Kampuni inashughulikia." Wiki hugeuka mwezi. Wakati huo mama anatupa majora yaliyooza, anapaka rangi kuta, na ushahidi wa hasara unaondoka pamoja na takataka. Hii ndiyo njia wanayoiangukia wengi, maana haihitaji uamuzi. Kwa maoni yangu ndiyo ya kikatili kuliko zote, kwa kuwa inamwibia mteja siku zilezile ambazo angeweza kujiokoa.

Ya tatu ina sura ya uungwana. Dalali anachota akiba yake, anamwendea mama kimyakimya, anampa milioni kumi na kumsainisha karatasi kwamba wamemalizana. Lakini mama hajui haki yake ni kiasi gani, na anayemweleza ni yule mwenye deni. Na kuna jambo jingine ambalo dalali mwenyewe anaweza asilikumbuke siku ile: anapolipa kwa siri anaweza kuwa anaichoma bima yake mwenyewe.

Ndiyo, dalali naye ana bima. Tanzania, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, inamtaka dalali awe na bima ya dhima ya kitaaluma kama sharti la leseni. Bima hiyo ipo kwa ajili ya siku kama hii, mteja anapopata hasara kwa sababu ya kosa la dalali. Ina masharti mawili ambayo mtu asiyeyajua huyavunja kwa nia njema kabisa. La kwanza, dalali aiarifu kampuni yake mara tu anapojua jambo linaloweza kuzaa madai, hata kama mteja bado hajadai. Bima hizi kwa kawaida hushughulikia madai yaliyoletwa au kuarifiwa ndani ya kipindi chake, hivyo anayekaa kimya hadi kipindi kipite anaweza kujikuta hana pa kushika. La pili, asikubali kuwajibika wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni hiyo.

Sharti hili la pili ndilo lililozaa zile barua baridi za ofisi ambazo mtu akimaliza kuzisoma hajui ameambiwa nini. Dalali anaogopa kuvunja sharti, anamwachia mwanasheria kalamu, na barua inatoka imejaa "suala lako linafanyiwa kazi". Lakini sharti halisemi hivyo. Linakataza kukubali deni. Halikatazi kueleza kilichotokea. "Hatukukutumia notisi" ni tukio. "Tutakulipa hasara yote" ni ahadi. Dalali wetu aliiarifu kampuni yake mchana uleule, akawapelekea rasimu ya barua. Mwanasheria wao alifuta sentensi moja tu, ile iliyoahidi malipo. Maelezo ya kilichotokea aliyaacha, na neno la samahani aliliacha.

Jioni ile dalali alimpigia mama kama alivyoahidi. Alimwambia wazi kwamba bima ilikuwa imekwisha, asitupe kitu chochote, na kwamba angekuja mwenyewe na barua. Tarehe 20 Aprili aliipeleka kwa mkono wake, akaketi hadi iliposomwa. Ilisema hivi:

*Mama,*

*YAH: BIMA YA MOTO YA STOO YAKO, KARIAKOO*

*Bima ya moto ya stoo yako ilikwisha tarehe 31 Machi na haikuhuishwa. Moto ulipotokea usiku wa tarehe 17 Aprili, mzigo wako haukuwa na bima. Kampuni ya bima haitalipa hasara hii.*

*Kila mwaka ofisi yangu imekutumia notisi ya kuhuisha, na kila mwaka umelipa kwa wakati. Safari hii hatukukutumia notisi wala kukupigia simu. Mwaka jana ulipoomba mwisho wa bima usogezwe, hati ilitolewa ya miezi tisa, lakini tarehe kwenye daftari letu haikubadilishwa. Nimeambatisha hati, notisi za miaka iliyopita, na nakala ya ukurasa huo wa daftari.*

*Nimeiarifu kampuni inayoikatia ofisi yangu bima ya dhima ya kitaaluma. Watamtuma mkadiria hasara wao. Sina mamlaka ya kukuahidi kiasi wala tarehe ya malipo, na sitakuahidi nisichoweza kukitimiza.*

*Usiuze wala kutupa mzigo ulioharibika kabla haujakaguliwa. Utenganishe na mzima, upige picha, na uweke pamoja ankara za ununuzi na vitabu vya mauzo. Omba ripoti ya Zimamoto. Mkataba wako wa mkopo huenda unakutaka uiarifu benki, tafadhali uusome.*

*Stoo yako haina bima hadi leo. Nimeomba kampuni mbili zikupe bei, nikiwa nimewaeleza habari za moto. Bima mpya itaanza utakapolipa ada, na haitagusa hasara iliyokwisha kutokea. Uko huru kumtumia dalali mwingine.*

*Katika jambo hili maslahi yangu na yako yanaweza kupingana. Nakushauri umwone wakili wako mwenyewe. Unaweza pia kupeleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Sikuombi usaini chochote zaidi ya kuthibitisha kwamba umepokea barua.*

*Samahani sana, mama.*

Tazama mambo ambayo barua hii haikuyafanya. Haikumtaja karani. Haikumuuliza mama kwa nini naye hakuangalia tarehe ilhali hati alikuwa nayo. Haikuanza na aya mbili za kushukuru kwa ushirikiano wa miaka mingi. Habari mbaya imo kwenye aya ya kwanza, kwa sentensi tatu fupi, kwa sababu mtu aliyepata hasara husoma akitafuta jambo moja tu, na akilikosa juu ataisoma barua yote kwa wasiwasi. Sentensi isemayo kwamba maslahi yao yanaweza kupingana ndiyo inayoonyesha uaminifu wa mwandishi wake kuliko nyingine zote. Dalali anamwambia mteja wake kwamba leo, kwa jambo hili, asimtegemee yeye.

Baada ya barua inakuja hesabu, na hapa wengi hushangaa. Mzigo uliokuwamo stoo ulikuwa na thamani ya shilingi milioni 250. Hasara ilikadiriwa kuwa milioni 40. Je, mama anastahili milioni 40? Sheria ya uzembe haiulizi hivyo. Inauliza: kama dalali angefanya kazi yake, mama angekuwa wapi leo? Yaani angelipwa kiasi gani na bima ambayo haikuhuishwa?

Bima ya zamani ilikuwa imekatwa kwa thamani ya milioni 200. Mzigo wa milioni 250 uliokatiwa bima ya milioni 200 umelindwa kwa sehemu nne kwa tano tu, na kwa kawaida mkataba wa bima ya moto hupunguza malipo kwa uwiano huohuo, hata kama hasara ni ndogo. Nne ya tano ya milioni 40 ni milioni 32. Mkataba pia ulimtaka mteja abebe mwenyewe asilimia 10 ya kila dai, kwa hiyo inabaki milioni 28.8. Kisha inatolewa ada ambayo mama hakuilipa. Kwa kiwango cha robo ya asilimia moja, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ni shilingi 590,000. Inabaki 28,210,000. Hicho ndicho kiasi ambacho kampuni ya dalali ilikuwa tayari kukitoa.

Wakili wa mama alizisoma zile nakala zilizoambatishwa kwenye barua, akaona jambo. Notisi za miaka mitatu zilionyesha kwamba kila mwaka dalali alimuuliza mama mzigo wake sasa una thamani gani, na kila mwaka mama aliongeza: milioni 120, kisha 160, kisha 200. Hoja yake ikawa hii: notisi ingetumwa mwezi Machi, mama angeulizwa swali lilelile, naye angesema milioni 250 kama ulivyokuwa mzigo. Basi malipo yasingepunguzwa kwa uwiano. Zingetolewa zile asilimia 10 tu, ikabaki milioni 36, na ada ya bima hiyo kubwa zaidi, shilingi 737,500. Jumla 35,262,500.

Tofauti ni zaidi ya shilingi milioni saba, na ushahidi wake ulitoka kwenye faili la dalali mwenyewe. Angeandika barua ya kujikinga na kubakiza nakala zake kabatini, mama asingejua pa kuanzia. Katika kisa chetu kampuni iliikubali hoja ya wakili. Si kila mara itakuwa hivyo. Mteja ambaye kwa miaka mitano hakuwahi kubadili thamani ya mzigo atapata shida kushawishi mtu kwamba mwaka huu angeibadilisha.

Kuna kizuizi kingine kinachofaa kujulikana. Kampuni inaweza kusema kwamba hata bima ingehuishwa, dai lingekataliwa, tuseme kwa sababu mkataba ulitaka mitungi ya kuzimia moto na stoo haikuwa nayo. Hoja hiyo ni ya haki, lakini haimalizi mambo. Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika shauri la Fraser dhidi ya Furman la mwaka 1967, ilimshughulikia dalali aliyeshindwa kukata bima aliyoagizwa, akajitetea kwamba kampuni ingekuwa na sababu ya kukataa kulipa. Mahakama iliangalia kama kampuni yenye heshima, katika biashara ya kweli, ingeshikilia kisingizio hicho. Ikaona isingeshikilia, na dalali akawajibika. Sheria yetu ya uzembe ina mizizi hukohuko, na wakili anayejua shauri hilo anaweza kuliegemea.

Dalali naye hakutoka bure. Bima yake ilikuwa na kiasi cha kwanza anachokibeba mwenyewe katika kila dai, na akakilipa. Ada ya mwaka uliofuata ikapanda. Mama alihamishia bima ya magari yake kwa dalali mwingine na kumwachia ya stoo, uamuzi ambao mimi naona ni wa mtu anayejua hesabu. Daftari la kuhuisha likaandikwa upya lote, kila tarehe ikisomwa kutoka kwenye hati, na zikapatikana bima nyingine mbili zenye tarehe isiyo sahihi. Moja ilikuwa imebakiza siku tisa.

Wewe unayesoma, kama una stoo, duka au gari, itafute hati yako ya bima leo. Risiti ya malipo haitoshi, maana haionyeshi masharti. Soma tarehe ya mwisho na thamani iliyoandikwa, iandike tarehe hiyo kwenye simu yako ikukumbushe mwezi mmoja kabla, na kama umewahi kuomba isogezwe, mpigie dalali wako umuulize kwenye daftari lake ameandika ipi.